Ghala la Ushirika: Tuhesabu Gunia Kwanza, Msumari Baadaye

Kila mwaka wanachama wa vyama vya ushirika katika skimu zetu hukutana kusomewa hesabu ya duka na ghala lao. Wakulima husikiliza kwa utulivu mpaka yatajwe maneno mawili: upungufu wa ghala. Hapo ndipo mkutano huchafuka. Mama mmoja huuliza ni nani aliyeichukua mbolea. Mzee mwingine huuliza kwa nini pesa za maziwa yake zikatwe kulipia magunia asiyoyaona. Naye karani husimama na kuapa kwamba alihesabu kila kitu kila mwezi.

Mara nyingi karani husema kweli, na kosa lake limo katika kweli hiyo hiyo: alihesabu kila kitu sawasawa. Msumari na gunia la mbolea aliwapa saa zilezile, kalamu ileile na jicho lilelile. Mtu mwenye nguvu kidogo akizigawa sawa kwa vitu ishirini, kitu kile ambacho kingeweza kumfilisi hupata sehemu moja tu katika ishirini. Makala hii yaeleza namna ya kuzigawa nguvu hizo kwa akili, kwa njia iitwayo mafungu ya A, B na C.

Njia hii si ya jana. Mwaka 1951 mtu aitwaye Ford Dickie, wa kampuni ya General Electric ya Amerika, aliieleza kwa ajili ya ghala za viwanda. Alikuwa ameona kwamba katika maelfu ya vyuma na vifaa, vichache tu ndivyo vinavyomeza sehemu kubwa ya fedha. Nusu karne kabla yake, Vilfredo Pareto wa Italia alikuwa ameona jambo lililofanana na hilo katika mapato ya watu: walio wachache hushika sehemu kubwa. Ghala la chama katika skimu ya Lugari au Lumakanda ni dogo kuliko la kiwanda, lakini fedha zake hukaa vivyo hivyo.

KITU CHA KUPIMA

Jambo la kwanza ni kujua tunapima nini. Hatupimi bei ya kitu kimoja, wala hatupimi wingi wa vitu vilivyomo ghalani leo. Tunapima thamani ya matumizi ya mwaka, yaani: idadi iliyotoka ghalani kwa miezi kumi na miwili, mara bei ya kununulia kitu kimoja.

Idadi hiyo tutaipata katika kadi za ghala, kwenye safu ya vitu vilivyotoka. Bei tutaitoa katika ankara za wenye kutuuzia, si katika bei ya kuwauzia wanachama, kwa sababu faida ya duka huongezwa kidogo kwa kitu hiki na sana kwa kile, nayo ikichanganywa hesabu itapotoka.

Mtu akitumia bei peke yake atadanganyika. Tuseme pampu ya kupulizia dawa hununuliwa kwa Shs. 4,500, na pakiti ya kilo 2 ya mbegu ya mahindi kwa Shs. 500. Mwenye haraka atafikiri pampu ndiyo ya kulindwa. Lakini chama huuza pampu 2 kwa mwaka, yaani Shs. 9,000, na pakiti 1,000 za mbegu, yaani Shs. 500,000. Kitu chenye bei ndogo kimekuwa kikubwa, na chenye bei kubwa kimekuwa kidogo.

MFANO WA GHALA MOJA

Sasa tuchukue ghala la mfano lenye aina 20 za vitu. Bei na idadi nilizoandika ni za kufundishia tu. Kila chama kitatia zake. Tumezidisha idadi kwa bei, kisha tumepanga vitu kuanzia chenye thamani kubwa hadi kidogo. Vile saba vya kwanza ni hivi:

1. Mbolea ya kupandia (DAP): magunia 320 kwa Shs. 6,000, jumla Shs. 1,920,000.
2. Mbolea ya kukuzia (CAN): magunia 220 kwa Shs. 4,000, jumla Shs. 880,000.
3. Mbegu ya mahindi: pakiti 1,000 kwa Shs. 500, jumla Shs. 500,000.
4. Chakula cha ng'ombe wa maziwa: magunia 100 kwa Shs. 3,000, jumla Shs. 300,000.
5. Dawa ya kupe: lita 40 kwa Shs. 2,500, jumla Shs. 100,000.
6. Dawa ya viwavi: chupa 225 kwa Shs. 400, jumla Shs. 90,000.
7. Chumvi ya mifugo: pakiti 240 kwa Shs. 250, jumla Shs. 60,000.

Baada ya hapo hufuata vitu 13 vidogo. Kuna misumari, kilo 150 kwa Shs. 200, yaani Shs. 30,000. Kuna mafuta ya kukamulia, magunia matupu, bolti za plau, zile pampu mbili, kamba na kadhalika. Vyote 13 kwa pamoja ni Shs. 150,000. Jumla ya ghala zima kwa mwaka ni Shs. 4,000,000.

Tazama sasa. Vitu vitatu vya kwanza vimechukua Shs. 3,300,000. Katika kila Shs. 100 zinazopita ghalani, Shs. 82 na senti 50 zimo katika vitu vitatu tu. Hilo ndilo Fungu A. Vitu vinne vinavyofuata vimechukua Shs. 550,000, karibu Shs. 14 katika kila mia. Hilo ni Fungu B. Vile 13 vilivyobaki, ambavyo ndivyo vingi na ndivyo vinavyojaza rafu, havifiki Shs. 4 katika kila mia. Hilo ni Fungu C.

Je, mpaka wa fungu hukatwa wapi? Hakuna sheria ya serikali juu ya jambo hili. Desturi ni kwamba A ichukue karibu asilimia 80 ya fedha, B karibu 15, na C karibu 5. Lakini ni vema kukata pale thamani inaposhuka kwa ghafula. Katika mfano wetu thamani imeshuka kutoka Shs. 500,000 hadi 300,000, na tena kutoka 60,000 hadi 30,000. Hapo ndipo tulipokata.

KWA NINI NGUVU ZISIGAWANYWE SAWA

Tuseme katika mwaka mzima yamepotea magunia 6 tu ya DAP kati ya 320. Ni machache, hata hayafiki mawili katika kila mia. Thamani yake ni Shs. 36,000. Misumari yote ya mwaka, kila kilo iliyoingia na kutoka, ni Shs. 30,000. Maana yake, karani akilinda misumari kwa ukamilifu hata usipotee mmoja, lakini DAP ikavuja kidogo namna hiyo, chama kimepata hasara kuliko kama misumari yote ingeibwa.

Nayajua haya kwa kuumia. Nilipotoka katika chuo cha ualimu nilipewa kwanza kazi ya kutunza ghala mahali fulani, wala sitapataja. Nilifundishwa kuwa mwangalifu, na mwangalifu nikawa. Kila mwisho wa mwezi nilipima misumari kwa mizani na kuhesabu bolti moja moja. Ilipofika zamu ya CAN nilikuwa nimechoka, nikatazama rundo lilivyokuwa refu na kuandika idadi ileile iliyokuwa katika kadi. Rundo lilipobomolewa kwa ajili ya kukuzia mahindi, katikati palikuwa na shimo. Safu za nje zilikuwa zimesimama kama ukuta, na magunia 11 ya ndani hayakuwapo. Hapana aliyeweza kusema yaliondoka mwezi gani, kwa hiyo hapana aliyeweza kuulizwa.

Hebu tuhesabu kazi yenyewe. Karani akihesabu vitu 20 mara moja kila mwezi, afanya hesabu 240 kwa mwaka. Sasa abadili: vitu 3 vya Fungu A ahesabu kila juma, yaani mara 52, vitu 4 vya B ahesabu kila mwezi, na vitu 13 vya C ahesabu mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni 156 na 48 na 26, jumla hesabu 230. Kazi imepungua kidogo, lakini mbolea na mbegu, ambazo zilikuwa zikihesabiwa mara 12, sasa zahesabiwa mara 52. Upungufu ukitokea hugunduliwa ndani ya siku saba, wakati watu bado wakumbuka ni lori gani lililokuja na ni nani aliyeshika ufunguo.

NAMNA YA KUTUNZA KILA FUNGU

Fungu A. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, katika marundo yenye umbo moja: tuseme magunia 4 kwa 5 kila tabaka, na tabaka 5 kwenda juu. Rundo zima litakuwa magunia 100. Tena anayehesabu azunguke pande zote na kupanda juu atazame katikati. Lisitoke gunia bila hati yenye sahihi ya mpokeaji. Watu wawili wahesabu pamoja, mmoja wao asiwe mwenye ufunguo. Hesabu ikitofautiana na kadi hata kwa gunia moja, hati za juma hilo zipitiwe siku hiyo hiyo mpaka sababu ijulikane.

Kuagiza nako kuangaliwe. Kwa kuwa fedha nyingi hulala hapa, tusinunue kwa kukisia. Kabla ya msimu karani aandikishe kila mwanachama atahitaji magunia mangapi, kisha chama kiagize kwa awamu mbili: ya kwanza iwe ndogo kuliko jumla ya orodha, na ya pili ifuate baada ya kuona jinsi watu wanavyochukua. Tuseme magunia 60 ya DAP yamebaki baada ya kupanda. Hizo ni Shs. 360,000 zinazolala mpaka msimu ujao. Kama chama kilizikopa kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, kwa miezi kumi kitalipa Shs. 36,000, yaani bei ya magunia sita, na hapana aliyeiba kitu. Tena mbolea iliyokaa mahali penye unyevu hugandamana, na mbegu hupitwa na tarehe yake.

Fungu B. Hapa kadi ya kawaida na hesabu ya kila mwezi zatosha. Iandikwe juu ya kadi kiasi ambacho kikifikiwa ni lazima kuagiza. Kwa chakula cha ng'ombe, kama magunia 2 hutoka kila juma na mzigo hukawia majuma mawili njiani, basi zikibaki 6 tuagize: 4 za kungojea mzigo na 2 za tahadhari.

Fungu C. Hapa tupunguze karatasi. Nunua mzigo wa miezi sita au wa mwaka mara moja, ugawe katika masanduku mawili, na sanduku la pili ulifunge kwa kamba. Sanduku la kwanza likiisha na kamba ikakatwa, ndiyo siku ya kuagiza. Hesabu ya nusu mwaka ikionyesha upungufu mdogo wa misumari, rekebisha kadi na uendelee. Kutafuta siku nzima misumari ya Shs. 100 ni kupoteza mshahara wa siku ile.

C SI KITU CHA KUDHARAU

Mzee mmoja wa skimu yetu aliposikia mpango huu alinikatiza. "Karani," akasema, "bolti ya plau ikikatika mwezi wa Februari, ng'ombe wanasimama, na mvua hainingojei. Wewe waiita C?"

Mzee alisema kweli, na jibu lake ni hili. Herufi C haisemi kwamba kitu si cha lazima. Yasema tu kwamba fedha zake ni chache, basi uangalizi wake uwe mwepesi. Na kwa sababu fedha zake ni chache, ndiyo maana chama hakina udhuru wa kukikosa. Bolti 400 za mwaka mzima ni Shs. 10,000 kwa Shs. 25 kila moja. Hata zikinunuliwa zote mwezi wa Januari, riba yake ni Shs. 100 kwa mwezi. Kitu cha A tukiweke kwa kiasi na kukitazama mara nyingi. Kitu cha C tukiweke kwa wingi na kukitazama mara chache. Anayepunguza bolti ili kuokoa fedha huku akirundika DAP isiyo na mwenyewe, amegeuza mambo juu chini.

Kwa vitu ambavyo kukosekana kwake husimamisha kazi, tia alama nyekundu juu ya kadi hata kama ni C. Alama hiyo maana yake ni kwamba sanduku la pili lisiguswe kabla ya agizo jipya kutumwa. Wenye ghala za dawa za hospitali nao hufanya hivyo: hupanga dawa kwa fedha, na tena huzipanga kwa uhai wa mgonjwa, kisha hutazama orodha zote mbili.

Jambo la pili la kukumbuka ni sumu. Dawa ya kupe na dawa ya viwavi zifungwe kwa kufuli daima, mbali na chakula cha mifugo, hata kama zingekuwa fungu gani. Mafungu haya hupima fedha; hatari ya sumu hayaijui.

ORODHA HUZEEKA

Orodha ya mwaka huu isidhaniwe kuwa ya milele. Mwaka 2017 viwavi jeshi wa aina mpya, wenye asili ya Amerika, waliingia katika mahindi ya Kenya, na sehemu zetu za magharibi zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuumia. Dawa ya viwavi ambayo hapo zamani duka liliweza kuuza chupa chache tu ilianza kutakiwa na kila nyumba. Kitu cha C chaweza kupanda hadi B katika msimu mmoja.

Chaweza kushuka pia. Mwaka 2022 Serikali ilileta mbolea ya ruzuku kwa Shs. 3,500 kila gunia, na mwaka 2023 bei hiyo ikashushwa hadi Shs. 2,500. Ikiwa wanachama wetu wengi wataichukua mbolea ya namna hiyo kwingine, na ghala letu likabaki kuuza DAP magunia 60 tu badala ya 320, thamani yake itakuwa Shs. 360,000, karibu sawa na chakula cha ng'ombe. Karani anayeshika orodha ya zamani ataendelea kulinda rundo dogo la DAP, na huku CAN na mbegu zimekwisha kuwa ndizo mali kubwa ya chama.

Basi orodha ifanywe upya kila mwaka baada ya kufunga hesabu, na tena mara moja bei au desturi ya wakulima inapobadilika kwa ghafula. Kitu kipya ambacho hakijatimiza mwaka kiwekwe katika B mpaka matumizi yake yajulikane. Wakati wa kupanda, DAP na mbegu zihesabiwe kila jioni, kwa maana magunia mengi hutoka kwa siku chache. Msimu ukipita na ghala likiwa tupu, hesabu ya juma itachukua dakika moja.

Mkulima asiye na kazi ya ghala naye aweza kuitumia orodha hii. Katika mkutano ujao asiulize tu, "Je, ghala lilihesabiwa?" Aulize hivi: "Ni vitu gani vitatu vilivyobeba fedha nyingi mwaka huu? Vilihesabiwa mara ngapi, na ni nani wawili waliotia sahihi?" Karani mwenye kadi safi atajibu papo hapo. Asiyeweza kujibu, kamati ifungue ghala kesho yake asubuhi, ianze na rundo la mbolea, na apatikane mtu wa kupanda juu atazame katikati.